Mezani kwa Karani: Andika Ulichokisoma kwenye Kofia

Jumamosi iliyopita alinijia ofisini kijana mmoja wa hapa hapa Kahe, amebeba mfuko wa salfeti mgongoni. Alikuwa mwendesha bodaboda kwa miaka mitatu. Sasa ameuza pikipiki yake ili anunue pampu ya kumwagilia vitunguu, na zimembakia kofia mbili ngumu, zile ambazo vijana wa kijiweni huziita elementi. Moja ni ya mtu mzima, nyingine ni ndogo ya mtoto. Akataka nimwandikie tangazo zuri la kubandika ubaoni, na la kupeleka kwenye kundi la simu la wanunuzi na wauzaji.

Alikuja na maneno yake tayari kwenye kikaratasi. Nilisoma hivi: "Zinauzwa kofia mbili za pikipiki. Zimethibitishwa na TBS, DOT na ECE. Kiwango cha kimataifa. Salama asilimia mia."

Nikamwuliza, "Mdogo wangu, hiyo TBS umeisoma wapi?"

Akacheka. "Kaka karani, kila tangazo huandikwa hivyo. Usipoandika, watu wanapita tu."

Alikuwa anasema kweli, nami sikuweza kumkemea kwa ukali, maana mimi mwenyewe nimekwisha kuandika hivyo. Miaka michache iliyopita mchuuzi mmoja aliniomba nimpigie chapa tangazo la kofia zake. Akanitajia maneno, nikayapiga kama alivyoyataja: imethibitishwa, imepimwa, kiwango cha Ulaya. Sikuishika hata kofia moja mkononi. Kijana mmoja wa jirani akanunua. Siku alipoanguka kwenye kalavati, ganda la kofia lilipasuka vipande viwili, tukaona kwamba ndani hapakuwa na kitu ila kitambaa na sponji laini kama ya godoro. Yu hai, lakini mpaka leo akitumwa dukani vitu vitatu hurudi na kimoja. Sijui kofia njema ingalimwokoa kiasi gani. Najua tu kwamba alinunua ile kwa sababu ya karatasi iliyotoka mezani kwangu.

Basi nikamwambia yule kijana wa vitunguu, "Zitoe zote mbili tuzisome kwanza. Tutaandika kile tutakachokisoma."

Tulianza na ile kubwa. Watu wengi hutafuta alama ya kofia huku nje, kwenye ganda, mahali penye rangi na michoro. Lakini alama ya Ulaya haikai huko. Imeshonwa kwenye mkanda wa kidevuni. Ni kipande kidogo cha kitambaa, mara nyingi cheupe, nawe hukioni mpaka uugeuze mkanda. Kijana alikuwa ameivaa kofia hiyo kila siku, wala hakupata kukisoma.

Kwenye kitambaa hicho palikuwa na duara, na ndani ya duara herufi E kubwa na tarakimu 9. Tarakimu hiyo si daraja la ubora, kama wengine wanavyodhani, kwamba 9 ni bora kuliko 4. Ni namba ya nchi iliyotoa kibali: 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 3 Italia, 4 Uholanzi, 9 Hispania. Karibu na duara palikuwa na namba ndefu iliyoanza na 05, kisha mkwaju, kisha herufi P, kisha kistari na namba ya kofia yenyewe.

Hiyo ndiyo alama ya Kanuni ya 22 ya Umoja wa Mataifa, inayosimamiwa na Tume yake ya Uchumi ya Ulaya huko Jeneva, ndiyo maana watu huiita ECE. Kanuni hiyo imekuwapo tangu mwaka 1972 na imerekebishwa mara kadhaa. Namba 05 husema kwamba kofia ilipimwa kwa marekebisho ya tano, na 06 kwa marekebisho ya sita, yaliyoanza mwaka 2021. Kijana aliposikia hayo akasema, "Basi tuandike 06, maana ndiyo mpya." Nikamwambia, "Kofia haikui kwa kuandikwa. Imesema 05, tutaandika 05."

Herufi ile ya katikati nayo ina habari yake, na inafaa kila mnunuzi aijue. J ni kofia isiyofunika kidevu. P ni kofia iliyofunika kidevu, na ile sehemu ya kidevuni imepimwa ikaonekana inakinga. NP ni kofia iliyofunika kidevu, lakini sehemu hiyo si kinga, ni ya kuzuia upepo na vumbi tu. Ukiiona mbali, P na NP zinafanana kabisa. Mwuzaji akiandika "inafunika uso mzima" bila kuitaja herufi, hajasema uongo, lakini amemwacha mnunuzi gizani.

Hapo kijana akaniuliza jambo la maana. "Kaka, hao waliopima walifanya nini? Kofia si kofia tu?"

Nikamweleza. Katika upimaji wa kanuni hiyo, kofia huvikwa kichwa cha chuma chenye chombo cha kupima mshtuko, kisha huangushwa juu ya fuawe. Kwa marekebisho ya 05, inapogonga inakuwa na mwendo wa meta 7.5 kwa sekunde, ambao ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa karibu meta 3. Mshtuko unaofika ndani ya kichwa ukizidi kipimo kilichowekwa, kofia imeshindwa. Mkanda nao hupimwa kwa uzito unaoangushwa na kuuvuta kwa ghafula, maana kofia inayovuka kichwani kabla ya kichwa kufika chini haina kazi.

Kinachookoa kichwa ni lile povu gumu lililo kati ya ganda na kitambaa, linalofanana na povu la kufungia televisheni mpya. Linapogongwa hubonyea, na katika kubonyea huko hula ile nguvu kabla haijafika kwenye ubongo. Likiisha kubonyea halirudi tena. Kwa hiyo kofia zile zilizopimwa huharibika zote. Kofia unayoishika mkononi haikupimwa hiyo yenyewe. Walipimwa ndugu zake, na lebo husema kwamba hii imetengenezwa sawasawa na wale.

Kutokana na hayo utaona kwa nini hakuna mtu awezaye kuithibitisha kofia kwa kuitazama, wala kwa kuigonga na rungu mbele ya wateja kama wafanyavyo wachuuzi wengine. Mimi siwezi, wewe huwezi, na fundi pikipiki hawezi. Lililo katika uwezo wetu ni kusema lebo inasomaje na iko mahali gani.

Tukaigeuza kofia nyuma. Pale kisogoni palikuwa na karatasi ya kunata yenye herufi tatu: DOT. Hiyo ni alama ya Wizara ya Uchukuzi ya Amerika. Lakini tangu mwaka 2013, sheria yao inataka lebo ya namna hiyo itaje jina la mtengenezaji na aina ya kofia, kisha herufi za DOT, kisha namba ya kanuni, yaani FMVSS No. 218, na chini yake neno la Kizungu la kusema kwamba imethibitishwa. Ile ya kijana ilikuwa na DOT peke yake.

Nikamtazama, akatazama chini. "Niliinunua mjini nikaibandika mwenyewe," akasema. "Ilikuwa inapendeza."

Tuliibandua kwa ukucha. Chini yake rangi ya kofia ilikuwa nzima, haina dalili kwamba palipata kuwa na lebo nyingine. Basi DOT ikafutwa kwenye tangazo. Na hata lebo kamili ya DOT ina mpaka wake: huko Amerika mtengenezaji mwenyewe ndiye anayetangaza kwamba kofia yake inafuata kanuni, na serikali hununua baadhi ya kofia madukani na kuzipima baadaye. Kwa hiyo asiyekosea haandiki "imepitishwa na serikali ya Amerika." Ataandika "ina lebo ya mtengenezaji ya FMVSS No. 218", kwa kuwa ndivyo ilivyo.

Ikabaki TBS. Shirika letu la Viwango lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, na alama yake ya ubora hutumiwa na mtengenezaji aliyepewa leseni ya kuitumia kwa bidhaa fulani. Tuliitafuta alama hiyo kwenye ganda, kwenye mkanda na ndani ya kitambaa, hatukuiona. Kijana akatoa hoja: "Lakini kofia imeingia nchini, inauzwa dukani, hakuna aliyeikamata. Si ndiyo kusema TBS wameikubali?"

Wasomaji wapenzi, hoja hii nimeisikia kwa watu wazima wenye maduka. Nikamjibu kwa mfano wa hapa hapa kwetu. Mtu akipita mbele ya kituo cha polisi asisimamishwe, je, amepewa cheti cha tabia njema? Kuuzwa dukani ni jambo moja, na alama iliyotolewa ni jambo jingine. Pasipo alama, usiandike TBS.

Tukaifuta TBS pia. Katika mashirika matatu ya mwanzo likabaki moja, na hilo tuliliandika kwa maneno yaliyo kwenye mkanda.

Kisha nikaitoa ile kofia ndogo. Hapa ndipo nilipojifunza mwenyewe, maana niliona jambo ambalo huwanasa hata wauzaji waaminifu. Kofia hiyo ilikuwa na lebo halisi, safi, yenye herufi CE na maandishi EN 1078. Kijana akafurahi. "Hii basi ni ya Ulaya kweli. Andika: kofia ya pikipiki ya mtoto, imethibitishwa Ulaya."

Lakini EN 1078 ni kiwango cha kofia za baiskeli na za viatu vya magurudumu. Katika upimaji wake kofia huangushwa kwenye fuawe bapa kwa mwendo wa meta 5.42 kwa sekunde, sawa na kuanguka kutoka meta 1 na nusu hivi. Ni nusu ya ule urefu wa kofia ya pikipiki. Na herufi CE peke yake haisemi kofia ni ya kazi gani. Huonekana kwenye vitu vingi mno, hata kwenye vitu vya watoto vya kuchezea. Lazima usome namba inayoandamana nayo. Ndivyo ilivyo pia kwa kofia za wajenzi ambazo baadhi ya abiria huvishwa njiani: namba yake ya kawaida ni EN 397, na kiwango hicho kinahusu kitu kinachomwangukia mtu utosini kazini, hakihusu mtu anayerushwa barabarani.

Basi hapa lebo haikudanganya hata kidogo. Uongo ungalikuwa katika neno "pikipiki". Kuchukua kiwango cha kweli na kukipeleka kwenye kazi ambayo hakikuitiwa ni kubuni cheti kama kule kwingine, ila cheti hiki kina sura ya kweli, nacho ni kigumu zaidi kukigundua. Kijana akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba mwanawe amekuwa akipanda pikipiki na kofia hiyo mwaka mzima.

Lebo peke yake haimalizi tangazo la kofia iliyokwisha kuvaliwa. Nikamwuliza kama ile kubwa imepata kuanguka. Akasema haikuanguka naye kichwani hata mara moja. Ilidondoka mara mbili kutoka kwenye kiti cha pikipiki, ikiwa tupu. Kama angalisema aligonga nayo chini akiwa ameivaa, nisingaliandika tangazo lolote, hata kama ganda ni zima kwa macho, kwa sababu ya lile povu lisilorudi. Tukakitoa kitambaa cha ndani tukalipapasa povu kote. Lilikuwa gumu, halina ufa wala bonde, na unene wake ulikuwa kama upana wa kidole gumba. Tukaipima kwenye mizani ya duka jirani, ikafika karibu kilo 1 na nusu.

Vipimo hivi viwili, unene wa povu na uzito, vinasaidia upande mmoja tu. Kofia ya pikipiki isiyofika nusu kilo, isiyo na povu gumu ndani, ikataeni hata ikiwa na lebo kumi, maana lebo bandia huuzwa kama njugu. Lakini kofia nzito yenye povu si lazima iwe imepimwa. Uzito unaweza kuikana lebo, hauwezi kuchukua mahali pake. Ndiyo maana kwenye tangazo hatukuandika "nzito, kwa hiyo ni imara."

Ndani, chini ya kitambaa, tulikuta karatasi yenye mwezi na mwaka wa kutengenezwa: Machi 2022. Shirika la Snell la Amerika, ambalo hupima kofia, hushauri kofia ibadilishwe baada ya miaka 5 hivi ya kutumika, kwa kuwa jasho, jua, mafuta ya nywele na petroli hudhoofisha vitu vilivyoitengeneza. Mnunuzi akipewa tarehe atahesabu mwenyewe. Kwa hiyo tarehe nayo iliandikwa.

Mwisho wa yote, hili ndilo tangazo lililobandikwa ubaoni:

"Inauzwa kofia ya pikipiki iliyotumika, ya mtu mzima, inayofunika kidevu. Lebo iliyoshonwa kwenye mkanda inasomeka E9, namba inayoanza na 05, herufi P. Haina alama ya TBS wala lebo ya DOT. Imetengenezwa Machi 2022, imetumika miaka 3. Haijapata ajali ikiwa kichwani. Imedondoka mara 2 ikiwa tupu. Kioo kina mikwaruzo. Njoo uisome lebo mwenyewe kabla ya kulipa. Bei shilingi 40,000.

"Pia kofia ya mtoto ya baiskeli, lebo CE EN 1078. Si ya pikipiki. Bei shilingi 8,000."

Na picha aliyoipeleka kwenye simu haikuwa ya upande unaong'aa. Alipiga picha ya lebo ya mkandani, karibu hata tarakimu zikasomeka, na nyingine ya mikwaruzo.

Kijana alikuwa ametaka shilingi 60,000, na alipoondoka uso wake haukuwa wa furaha. Akaniambia, "Kaka, hilo neno 'haina' litanifukuzia wateja." Nikamjibu kwamba huenda likawafukuza, na kwamba angeweza kutoitaja TBS kabisa, bila kusema ina wala haina, na hilo lisingekuwa uongo. Lakini kwa kuwa watu wa hapa wamezoea kuiona TBS katika kila tangazo, asiyeikuta huidhani imesahauliwa. Akafikiri, akasema, "Liache."

Siku ya tatu akaja mama mmoja wa kutoka bondeni, ambaye mwanawe ameanza kuendesha bodaboda njia ya Himo. Alivaa miwani yake, akaugeuza mkanda kabla ya kuuliza bei, akasoma kwa kidole: E, 9, 05, P. Kisha akamwuliza yule kijana, "Mwanangu, hapa umeandika imedondoka mara mbili. Ilidondoka wapi?" Kijana akamweleza: mara moja kijiweni kwenye udongo, na mara moja nyumbani sebuleni. Mama akapapasa ndani, akalipa 38,000, akaenda zake.

Ile ndogo ingali mezani kwangu hapa ninapoandika. Waliokuja kuiulizia ni wawili, na wote walitaka kumpakia mtoto kwenye pikipiki, basi wakairudisha. Yule kijana amekataa kuipunguza bei ili ichukuliwe hivyo hivyo. Anasema atangoja mwenye baiskeli.

Na yule jirani yetu wa kalavati hupita dirishani pangu karibu kila asubuhi, hunisalimu kwa jina, kisha baada ya hatua chache hurudi na kunisalimu tena, akidhani hajanisalimu. Nami huitikia mara zote mbili.

Tuonane juma lijalo.